Kanzu ya rangi ya maziwa na sabuni ya unga: kwa wewe unayeanza udobi

Wadogo zangu mnaofungua vibanda vya kufua na kupiga pasi, nawaandikia juu ya mabaka ya sabuni ya unga kwenye nguo za rangi nyepesi, jambo lililonitia hasara mwaka wangu wa kwanza hapa Ngamiani, Tanga. Doa la mafuta au la kutu utaliona mwenyewe kabla hujakunja nguo. Hili ninalolisema hulioni ukiwa kibandani usiku, analiona mteja kesho yake asubuhi akiwa barazani kwake.

Jumatatu moja mzee wa jirani aliniletea kanzu nne mpya za pamba, zote za rangi ya maziwa, kwa ajili ya harusi ya Jumapili. Nilizifua Jumanne. Tatu nilizitia kwenye beseni lenye sabuni iliyokwisha kuyeyuka. Ya nne ilikuwa na vumbi kifuani na kwenye mkono wa kushoto, basi nikailowesha, nikainyunyizia sabuni ya unga kavu palepale penye vumbi, nikaiacha kidogo huku nikisugua zile nyingine. Nikasuuza mara mbili, nikaanika, nikapiga pasi. Jumatano usiku nilizikagua moja moja chini ya balbu ya LED ya kibandani. Zilikuwa safi, rangi moja. Nikakabidhi.

Alhamisi saa tatu asubuhi mzee alirudi na ile ya nne mkononi. Baada ya shikamoo akaikunjua mlangoni, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii umeimwagia nini?" Kifuani palikuwa na mabaka meupe yenye ubuluu kwa mbali, na mengine madogo kama matone kwenye mkono. Tukaingia nayo ndani chini ya balbu: mabaka hayapo. Tukatoka nje: yapo. Mzee alidhani nimeweka jiki. Sikuwa nimeweka jiki hata tone.

Jirani yangu ni wakala wa pesa kwa simu, ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Nilimwomba, tukafunga pazia, tukaiwasha juu ya kanzu. Mabaka yaliwaka buluu kama mwanga wa karabai, na ungeweza kuona hasa jinsi mkono wangu ulivyonyunyiza ule unga kutoka kifuani kwenda begani. Zile tatu nyingine nazo ziliwaka, lakini kwa uhafifu na sawasawa nguo nzima.

Sasa elewa kilichotokea. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha ambayo haihusiki na kutoa uchafu. Inang'ang'ania uzi wa pamba na kubaki humo hata baada ya kusuuza, na kazi yake ni kupokea mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho letu haliioni, kisha kuirudisha ikiwa mwanga wa buluu tunaouona. Pamba huelekea umanjano kwa sababu inameza sehemu ya buluu ya mwanga. Dawa inaiongezea ile buluu iliyopungua, na jicho linasema nguo ni nyeupe pee. Hapo ndipo inapotofautiana na bluu ya kufulia waliyotumia bibi zetu. Ile bluu ni rangi, inafunika umanjano kwa kumeza mwanga, kwa hiyo ukizidisha nguo inafifia na kuwa na wingu. Dawa ya kung'arisha yenyewe inatoa mwanga.

Kwa shati jeupe la shule hilo ni jambo zuri. Lakini kitambaa cha rangi ya maziwa kimetiwa rangi makusudi ili kirudishe manjano zaidi ya buluu. Ukikiongezea buluu unakiondolea ule umaziwa, na ukikiongezea sehemu moja tu unapata mabaka. Kaki nayo huharibika hivyo hivyo, na hata waridi nyepesi huelekea uzambarau. Pamba huikamata dawa hii ndani ya dakika chache, kwa hiyo pale unga ulipolala juu ya kitambaa chenye maji, dawa ilishika kwa wingi kabla hata sijaanza kusugua.

Na kwa nini balbu ilinificha? Jua lina mionzi ya urujuanimno kwa wingi, na hata kivulini mchana anga lenyewe linaileta. Balbu za LED tunazofunga vibandani karibu hazina mionzi hiyo. Dawa isipopata mionzi ya kupokea haina cha kurudisha, basi baka na kitambaa kizima vinafanana. Ndiyo maana kanzu ileile inaonekana nyeupe kama pamba mtu akiwa uwanjani kwenye maulidi ya mchana, na usiku sebuleni inaonekana imepoa. Mteja akikuambia "nguo yangu imebadilika", muulize kwanza aliitazama wapi.

Turudi kwenye kanzu. Alhamisi niliiloweka katika maji ya moto na sabuni ya kipande ambayo haina dawa hiyo, mara tatu, nikibadilisha maji. Mabaka yalipungua kidogo tu. Halafu niliianika juani ikiwa imelowa, ikikauka nailowesha tena, kwa sababu jua huivunja dawa hii polepole, na kwenye kitambaa kilicholowa huivunja upesi zaidi. Kufika Ijumaa mchana mabaka yalikuwa yamefifia, lakini ukisimama karibu bado unayaona, na harusi haisubiri. Jiki sikuithubutu. Ingeweza kuivunja dawa kiasi, lakini ingechukua na rangi ya maziwa yenyewe, nikabaki na mabaka ya aina nyingine.

Kilichoniokoa ni kwamba pamba ina kikomo cha kushika dawa. Pale palipokwisha kujaa hapapokei tena sana, na pale penye kidogo panaendelea kupokea. Nilimwendea mzee nikamweleza wazi: naweza kuzilinganisha kanzu zote nne, ila zitapoteza umaziwa, zitakuwa karibu na nyeupe. Alifikiri, akasema heri zifanane. Nikachukua ndoo ya lita 20 ya maji ya uvuguvugu, vijiko vikubwa vinne vya sabuni ileile ya unga, nikakoroga mpaka hakuna chembe, nikachuja kwa kitambaa ili kisipite hata kipunje. Nikazitia zote nne kwa pamoja na kuzigeuza bila kusimama kwa dakika 15, nikasuuza, nikaanika kivulini. Jumamosi asubuhi tulizitazama barazani na chini ya taa ya wakala. Mabaka yalikuwa yamemezwa. Zilikuwa nyeupe zenye umaziwa wa mbali sana. Malipo sikupokea, na mzee hakunilaumu, lakini rangi aliyoinunua sikuweza kumrudishia. Dawa ikishashika, kuzidisha ni rahisi na kuiondoa ni kazi ya siku nyingi isiyo na hakika.

Tangu hapo kila sabuni mpya inayoingia kibandani naipima kabla haijagusa nguo ya mtu. Nanunua robo mita ya amerikani, ile ghafi yenye umanjano na punje za pamba, kwa sababu haijatiwa dawa ya kung'arisha kiwandani. Naifua kwanza kwa maji ya moto matupu kuondoa wanga. Nakata kipande cha upana wa kiganja, nayeyusha kijiko kimoja cha chai cha sabuni katika lita moja ya maji, nachovya nusu ya kipande kwa dakika 10, nasuuza vizuri, nakausha kivulini. Kikikauka naenda kwa wakala. Nusu iliyochovywa ikiwaka buluu na nyingine ikabaki imepoa, sabuni hiyo ina dawa, na haitagusa maziwa, kaki wala waridi. Maandishi ya pakiti usiyategemee, na usidhani sabuni zote za kipande ziko salama, pima.

Ukitaka taa yako mwenyewe, tafuta iliyoandikwa 365 nm. Zile za bei nafuu mara nyingi ni 395 nm, nazo zinamwaga mwanga wa zambarau unaoonekana, kila kitu cheupe kinaakisi zambarau, na mgeni wa kazi anadhani kila nguo inawaka. Ukiwa na hiyo ya 395 nm, weka kipande cha amerikani kisichochovywa pembeni ya nguo. Kinachong'aa kupita amerikani ndicho chenye dawa. Usiitazame taa yenyewe, inaumiza macho.

Kuna jambo litakalowachanganya. Kanzu nyeupe za poliesta na tetroni mara nyingi huwaka sana chini ya taa hata kama hujawahi kuzifua, kwa sababu dawa yake imetiwa kiwandani. Dawa ya sabuni ya unga imetengenezwa kwa ajili ya pamba na haishiki poliesta. Kwa hiyo poliesta nyeupe iliyofifia kwa jua hutairudisha kwa kuongeza sabuni, na usimwahidi mteja hivyo. Hapo pia utaelewa kwa nini kanzu ya pamba iliyoshonwa kwa uzi wa poliesta huonyesha mishono yake yote kama michoro chini ya taa. Hilo si kosa lako.

Noti nayo inafundisha. Karatasi yake hutengenezwa bila dawa hii ili ibaki imepoa na alama za usalama peke yake ziwake. Noti iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa na sabuni ya unga huweza kuwaka nzima, na wakala akaitilia shaka ingawa ni halali. Kagua mifuko kabla ya kuloweka, na ukikuta noti imeshafuliwa, mwambie mwenyewe mapema kabla hajaipeleka dukani akaaibika.

Ukaguzi wa mwisho wa nguo za rangi nyepesi sasa naufanya asubuhi, saa tatu hadi saa nne, nimesimama kwenye kivuli cha baraza uso ukielekea mahali anga lilipo wazi. Jua kali la moja kwa moja linatia kiwi na kuficha baka dogo. Nguo zilizokwisha kupigwa pasi usiku zinasubiri hapo, hata mteja akija saa mbili za usiku akiwa na haraka. Na kipande cha amerikani nakiweka ndani ya bahasha ya kaki, mbali na rafu ya sabuni, kwa maana vumbi la unga likikirukia na mkono wenye maji ukakigusa, hakifai tena kulinganishia.