Pilau ya mchele wa brauni: hesabu ya makro, yaani wanga, protini na mafuta, inabadilika wapi?

Pilau yangu ni ya mchele nusu kilo. Nimetoa mweupe nikatia wa brauni, na mafuta yalikuwa vijiko vinane, sasa vitatu. Nianze hesabu upya yote? (Langoni, Lamu)

La, shika vile viwili tu. Nyama, vitunguu na viazi havikuguswa, basi namba zake ziache zilivyo.

Gramu 500 za mchele mweupe mbichi zina takriban wanga gramu 400, protini 35, mafuta 3 hadi 4, na kalori 1,825. Wa brauni kwa uzito huohuo una wanga 380, protini 38, mafuta 15, na kalori 1,835. Umeona? Kalori hazikushuka hata kidogo. Kilichopanda ni nyuzinyuzi, kutoka gramu 6 au 7 mpaka 17 hivi, kwa sababu pumba haikukobolewa. Pumba hiyohiyo na kiini ndizo zenye mafuta yale ya ziada.

Faida yako imetoka kwenye chupa. Kijiko cha mezani cha mililita 15 kina mafuta gramu 13.6, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9. Vijiko vinane ni gramu 109, vitatu ni 41. Umeondoa gramu 68, yaani kalori 612. Ukichanganya na ule mchele, sufuria nzima imepungua kalori 600 hivi. Ukipakua sahani sita, ni 100 kwa kila sahani.

Ila vijiko vya nyumbani havilingani, na mkono ukiwa na haraka hujaza mpaka kumwagika. Pima chupa kabla ya kumimina, ipime tena baadaye. Tofauti ndiyo mafuta uliyotia.

Pakiti ya mchele wa brauni imeandika kalori 360 kwa gramu 100, programu ya simu yaniambia 112. Nimwamini nani? (Barani, Malindi)

Wote wawili. Pakiti inasema mchele mbichi, programu inasema wali ulioiva, ambao sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kosa ni kupima mchele mbichi kisha kuchagua namba ya ulioiva: nusu kilo itasomeka kalori 560 badala ya 1,800, na pilau itaonekana chakula cha mgonjwa. Kwenye mapishi pima mbichi, tumia namba za mbichi, mwanzo mpaka mwisho.

Sahani yangu huwa gramu 350. Zamani ilikuwa kalori 700, sasa napata 560. Mbona imeshuka zaidi ya ile 100 ya hesabu? (Langoni, Lamu)

Kwa sababu ya maji. Tuseme sufuria ya zamani ilikuwa na kalori 4,200 na pilau iliyoiva ilikuwa gramu 2,100. Gramu 350 ni sehemu ya sita, kwa hiyo 700. Ya sasa ina kalori 3,600, lakini umetia maji zaidi ili brauni ilainike, ikawa gramu 2,250. Sehemu ya sita sasa ni gramu 375, kalori 600. Ukibaki na 350 unapata 560, lakini zile 40 hazikupotea. Zimebaki sufuriani, na atakayerudia kupakua ndiye atakayezila.

Basi kila upikapo, pima sufuria ikiwa tupu, ipime ikiwa na pilau, utoe. Gawanya kalori zote kwa uzito huo, uzidishe kwa uzito wa sahani yako. Nyama ikiwa na mifupa, ipime mifupa baada ya kula na uitoe pia, maana mbuzi wa pilau anaweza kuharibu hesabu nzima.

Nikipunguza mafuta nikatia tui ili isikauke, je? (Shela, Lamu)

Hapo umeyatoa kwa mlango wa mbele ukayarudisha kwa wa nyuma. Gramu 200 za nazi iliyokunwa zina mafuta gramu 67 hivi, karibu sawa na vile vijiko vitano ulivyoacha. Si yote yanayoingia kwenye tui, mengine hubaki kwenye chicha, na kiasi chake hutegemea ulivyokamua. Andika 67 kama kikomo cha juu, ujue halisi iko chini yake. Tui la kopo ni rahisi zaidi: soma kibandiko, zidisha kwa ulichomimina. Ukitaka unyevu bila mafuta, ongeza supu ya nyama iliyoenguliwa mafuta ya juu.

Viazi karai je? Mafuta mengi hubaki kwenye karai. (Malindi)

Usihesabu yaliyobaki. Pima mafuta kabla ya kukaanga, yaache yapoe, pima tena. Yaliyopungua ndiyo yaliyonyweka kwenye viazi na unga wake, pamoja na machache yaliyoruka na kubaki kwenye karatasi.