Usiipime video ya ufafanuzi kwa ripoti ya wiki

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwapelekea wahariri ripoti ya video kila Jumatatu, na kila Jumatatu picha ilikuwa ile ile. Juu ya orodha zilikaa klipu za habari za punde. Video za ufafanuzi, zile tulizozihangaikia siku nne tano kwa michoro na ramani, zilikuwa mkiani, na bajeti ilipobanwa zilikatwa kwanza. Namba zote kwenye ripoti ile zilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kupima video za aina mbili kwa siku saba, wakati aina moja huwa imeshamaliza kazi yake na nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Kama nawe umeombwa uandike waraka wa kuwaeleza wakubwa zako video ipi inadumu, anza kwa kuacha kuuliza ipi imetazamwa zaidi. Uliza hivi: katika utazamaji wote wa siku 90, nusu ya kwanza ilifika siku ya ngapi?

Nichukue mfano wa namba nilizozitunga ili hesabu ionekane vizuri. Klipu ya habari za punde imetazamwa mara 120,000 ndani ya siku 90. Siku ya kwanza peke yake ilipata 78,000, siku ya saba ikawa imefika 115,000, na siku ya 28 ni 118,000. Nusu yake, yaani 60,000, ilipita kabla siku ya kwanza haijaisha. Video ya ufafanuzi imetazamwa mara 60,000 tu kwa siku hizo hizo 90. Siku ya kwanza ilipata 6,000, siku ya saba 18,000, siku ya 28 ikawa 36,000. Nusu yake ilifika wiki ya tatu. Klipu bado imeshinda kwa jumla, na waraka wako uliseme hilo bila kuficha. Lakini tazama siku 62 za mwisho: klipu imeongeza 2,000, sawa na mara 32 hivi kwa siku, na ufafanuzi umeongeza 24,000, karibu mara 387 kwa siku. Hiyo ndiyo namba ambayo ripoti yangu ya Jumatatu haikuwahi kuionyesha.

Kuzipata namba hizi si kazi ngumu. Kwenye YouTube Studio fungua Advanced mode, chagua video, panga kwa siku, kisha pakua jedwali. Kuna mtego mmoja ulionipotezea wiki nzima: siku za jedwali hilo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, si kwa saa za chumba chako cha habari. Klipu iliyopandishwa wakati siku ya huko inakaribia kuisha itaonekana kana kwamba siku yake ya kwanza ilikuwa dhaifu, kumbe ilipewa saa mbili tu. Siku hizi najumlisha tarehe mbili za mwanzo na kuziita mwanzo. Na usichanganye Shorts na video ndefu. Tangu tarehe 31 Machi 2025, Shorts huhesabiwa kuwa imetazamwa mara tu inapoanza kucheza au kujirudia, kwa hiyo namba zake za kabla na za baada ya tarehe hiyo hazilingani hata zenyewe kwa zenyewe.

Ukishapata nusu ya kila video, usichukue wastani wa kundi zima. Zipange video za ufafanuzi kuanzia iliyoisha mapema hadi iliyodumu, kisha uangalie iliyo katikati ya msururu. Mimi nilipofanya hivyo niliumia kidogo, kwa sababu niligundua kwamba video nyingi za ufafanuzi nazo hufa wiki ya pili. Chache tu ndizo zilikuwa zimebeba kundi zima. Hapo swali likageuka: hizo chache zina nini?

Jibu nililipata kwenye vyanzo vya utazamaji. Klipu ya punde huletewa watu na arifa na ukurasa wa mwanzo, na vyote viwili hupenda kitu kipya. Habari ikipoa, mlango unafungwa. Video iliyodumu huletewa watu na utafutaji na mapendekezo yanayojitokeza pembeni ya video nyingine. Mtu anayetafuta hajali umeipandisha lini, mradi inajibu alichouliza. Kwa hiyo ukiona ufafanuzi wako, siku kumi baada ya kutoka, bado unategemea ukurasa wa mwanzo na utafutaji hauleti karibu chochote, jua hautafika mbali.

Meli ya Ever Given ilinifundisha hili vizuri zaidi. Ilikwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, ikanasuliwa tarehe 29. Klipu zetu za siku hizo zilikimbia sana, na meli ilipoanza kuelea zikasimama, maana kichwa kilichosema meli imekwama hakikuwa kweli tena. Tulikuwa pia na video mbili za ufafanuzi. Moja ilikuwa na jina la meli kwenye kichwa na neno "leo" katika sentensi ya kwanza. Ilikufa pamoja na klipu. Ya pili iliuliza Mfereji wa Suez unafanyaje kazi na kwa nini meli hazipiti kwingine. Ilieleza kwamba mfereji hauna malango ya kupandisha na kushusha meli, kwamba njia mbadala ni kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ikaitaja Ever Given katikati tu, kama mfano. Hiyo ilisonga polepole miezi na miezi. Desemba 2023, kampuni kubwa za meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, mstari wake ukapanda tena bila sisi kugusa kitu.

Hapo nikaona tatizo ambalo klipu ya punde haikutani nalo. Video yetu ilikuwa inasema kwamba takribani meli 50 hupita kila siku. Iliporekodiwa ilikuwa kweli. Sasa meli zilikuwa zinaukimbia mfereji, na maelfu ya watu wapya walikuwa wanasikia namba iliyopitwa na wakati kwa sauti ya mtangazaji wetu. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili la video iliyokwisha kupandishwa. Ukipandisha upya unapata anwani mpya, na utafutaji wote uliojengeka unaanza sifuri.

Tulichofanya ni kuikata sentensi ile kwa kihariri kilichomo ndani ya YouTube Studio, ambacho huacha anwani na hesabu ya utazamaji vilivyo. Kisha tukaandika tarehe na hali mpya kwenye maelezo na katika maoni tuliyoyabandika juu. Tangu hapo, kila mswada wa ufafanuzi unaponifikia natia alama kwenye kila namba inayoweza kubadilika, na namwomba mwandishi aiweke katika sentensi yake peke yake, yenye pumzi kabla na baada, isishikamane na muziki wala mchoro unaoendelea, ili siku ikihitajika itoke bila kuacha kovu.