Miguu inanuka hata nikiosha kila siku: angalia nyayo kwanza, kisha viatu

"Wakuu, nisaidieni. Miguu naosha kila siku kwa sabuni, soksi nabadilisha, lakini nikivua viatu harufu inajaa chumba. Krimu ya fangasi nimepaka hadi imeisha. Tatizo ni nini?"

Mkuu, hali hiyo nimeishi nayo muda mrefu. Kabla hujanunua dawa nyingine, loweka miguu kwenye maji kama robo saa, halafu kaa penye mwanga mzuri uangalie nyayo zako, hasa kisigino na sehemu ya mbele unayoikanyagia. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe na ina vitundu vidogo vingi, kama imechomwa kwa pini, hao ni bakteria. Fangasi kwa kawaida huleta muwasho, ngozi kubanduka na mipasuko katikati ya vidole. Mimi sikuwa na muwasho wowote. Nilikuwa na vitundu, soksi kunata kwenye unyayo, na harufu kali. Nilikuwa nimeuziwa krimu ya fangasi kama wewe, na haikubadilisha kitu, mpaka daktari wa ngozi aliponiambia nivue viatu akaangalia.

Alinieleza kwamba jasho lenyewe karibu halina harufu. Kiatu kilichofungwa kinaweka unyayo kwenye unyevu na joto, tabaka la juu la ngozi linalainika, bakteria wanalila huku wakivunjavunja protini, na mabaki yake ndiyo yananuka. Baadhi yao ni ndugu wa wale wanaotumika kutengeneza jibini, na ndiyo maana harufu zinafanana. Kwa hiyo sabuni ya kawaida inaondoa uchafu wa siku hiyo, lakini mguu ukirudi kwenye unyevu uleule wanazaliana upya.

Kilichonisaidia ni benzoili peroksaidi ya asilimia 5, ileile ya chunusi, ya kunawia. Wakati wa kuoga unaipaka kwenye nyayo na katikati ya vidole, unaiacha dakika chache, unasuuza, kisha unakausha kwa taulo. Usiharakishe katikati ya vidole, maana hapo ndipo unyevu unapobaki. Tumia taulo nyeupe, kwa sababu dawa hii inafubaza rangi ya nguo. Ngozi ikiwasha au kukauka sana, punguza iwe siku moja moja.

Kama unatokwa jasho jingi, ongeza dawa ya kuzuia jasho yenye alumini kloraidi ya asilimia 20. Hii inapakwa usiku kabla ya kulala, kwenye ngozi kavu kabisa isiyo na kidonda, na asubuhi unaiosha. Ukiipaka kwenye mguu wenye maji itakuchoma, kwa hiyo nilikuwa nasubiri muda baada ya kuoga. Jasho likishapungua, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Nyayo zangu zilianza kuwa laini ndani ya wiki chache. Zisipobadilika kwa mwezi mmoja, rudi kwa daktari, anaweza kukuandikia antibayotiki ya kupaka.

Sasa viatu, na hapa ndipo wengi wanapokwama hata baada ya kupona miguu. Osha miguu, ikauke, uvae soksi safi na viatu vya wazi kwa nusu siku. Harufu isipokuja, basi inatoka kwenye viatu vyako. Toa soli ya ndani inayochomoka, ipeleke penye hewa na jua, na kiatu chenyewe kikae wazi siku nzima, ikiwezekana mbili, kabla ya kukivaa tena. Maana yake unahitaji jozi mbili za kubadilishana. Soli ya ndani iliyokwisha kunyonya harufu mimi naitupa na kununua nyingine, kwa sababu kuifua mara nyingi inabaki na unyevu ndani. Magadi ya kuokea ukiyanyunyizia kwenye kiatu usiku yanapunguza harufu kwa sababu yanatuliza tindikali zinazonuka, lakini hayaui bakteria, na asubuhi uyakung'ute yote. Kupuliza manukato naona ni kupoteza pesa.

Soksi zigeuze ndani nje na uzifue kwa maji ya moto, nyuzijoto 60 kama kitambaa kinaruhusu. Beba jozi ya ziada, ubadilishe mchana kabla hazijalowa.

Kama una kisukari, au nyayo zako zimepoteza hisia, usianze na hizi dawa kivyako, na usiloweke miguu. Mwone daktari kwanza. Vivyo hivyo ukiona kidonda, usaha au uvimbe.