Saa nane usiku kwenye rejista

Ninyi mnaoanza zamu ya usiku katika nyumba ya wazee hapa Bukavu, nawaeleza kosa langu la mwaka wa kwanza. Sentinele alimkuta mama mmoja wa miaka themanini na kitu karibu na geti, miguu mitupu, kitenge kimelowa mvua. Niliandika: "Saa 8 alitoroka, amechanganyikiwa, yuko salama." Mwenzangu wa mchana alisoma saa 8 kama 08:00 ya asubuhi, akadhani tukio lina nusu saa tu.

Muuguzi mkuu alinikalisha tukaandika upya. Mstari wangu wa kwanza tuliukata kwa mstari mmoja tu ili uendelee kusomeka, nikatia sahihi. Saa ziwe za mfumo wa saa 24: alionekana mara ya mwisho kitandani 00:30, alikutwa 02:10. Basi huenda alikaa kwenye baridi hadi saa moja na dakika 40, na daktari anahitaji kulijua hilo. "Alitoroka" tukaliondoa, tukaweka maneno yake mwenyewe: "Naenda Kadutu, mboga zitanyauka."

"Yuko salama" ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu sikuwa nimepima kitu. Goti lake la kushoto lilikuwa na matope. Hakuna aliyemwona akianguka, na hilo ndilo la kuandika, usiandike "hakuanguka". Mzee wa namna hiyo mpapase kichwa, shingo na nyonga kabla hujamsimamisha tena, na uangalie kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeuka nje. Uliza kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, maana kwake hata pigo dogo la kichwa ni la kumwita daktari usiku uleule.

Kipimajoto chetu cha kioo kinaanzia 35. Kikibaki chini kabisa, usiandike 35, andika "haikufika 35": huyo amepoa kwa hatari, mwite daktari. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike. Chai ya moto umpe tu akiwa macho na anameza vizuri. Pima tansio, mapigo na sukari, kisha rudi kwake kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza, ukiandika kila mara kama anaamka na kujibu kama kawaida yake. Akitapika au akizidi kusinzia, apelekwe hospitali.

Familia tuliipigia usiku huohuo. Andika na simu isiyopokelewa: 02:40 kijana mkubwa, hakujibu, 02:45 binti, akapokea. Mwambie alikutwa wapi, umepima nini, na nini bado hujui. Yule binti alinyamaza kidogo, akasema: "Mama aliamka saa nane maisha yake yote, kufunga sombe za kupeleka soko."

Hilo nalo likaingia kwenye rejista, na tangu usiku uliofuata, 01:45, mmoja wetu alikuwa ameketi kando ya kitanda chake.