Kovu la mzee lisipotee kwenye picha ya akili unde

"Wakuu, kila nikitengeneza picha ya mzee wangu kwa Stable Diffusion naletewa mtu wa tangazo la mafuta. Kovu hakuna, baka hakuna, ndevu zimechongwa. Nimeyataja yote. Nakosea wapi?"

Kaka, kwanza angalia kama umewasha kirekebisha nyuso. GFPGAN na CodeFormer kazi yao ni kurudisha sura iliyoharibika iwe safi, na kovu kwao ni uharibifu. Zima. Ukilazimika kutumia CodeFormer, sogeza weight karibu na 1. Hapo inagusa kidogo zaidi.

Halafu kuna ukubwa. Mtambo huu huchorea kwenye ramani ndogo ambayo kila kijisanduku chake kinabeba pikseli 8 kwa 8. Ukiomba mzee asimame mzima kwenye picha ya 512, uso unapata upana wa pikseli kama 50, na baka linabaki na moja au mbili. Hata ulitaje mara kumi, halina pa kukaa. Omba picha ya kuanzia mabegani.

Sasa maneno. Hapa studio yetu River Road alikuja dada akitaka picha ya marehemu babake, mwenye "kovu usoni". Nikamuuliza: liko wapi hasa, limeinuka au limebonyea, rangi gani, nywele zinaota juu yake? Kumbe lilikata nyusi ya kushoto, limeinuka, limepauka kuliko ngozi, na nywele hazioti hapo. Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa, maana pengo kwenye nyusi ni umbo, halisuguliki kirahisi kama doa. Tukaliweka mwanzoni:

```
head and shoulders photo of an old Kenyan man, pale raised scar cutting through left eyebrow, gap in eyebrow hair
Negative prompt: airbrushed, retouched, smooth skin
```

Usiandike "no smooth skin" kwenye maelezo ya juu. Unaweza kuuita huo ulaini wenyewe. Na maneno kama "handsome" yaondoe, yanakuja na poda yake.

Kovu lilitokea, ila nyusi ya kulia. Kushoto na kulia mtambo huchanganya sana, usibishane nao. Tulilichora kwa brashi mahali pake, mstari mbovu tu, tukafunika hapo kwenye inpaint ili pachorwe upya pekee, "Only masked", denoising 0.4. Denoising ikiwa chini mno rangi ya brashi inabaki imeganda juu ya ngozi. Ikizidi, kovu linayeyuka tena. Baka nalo hivyohivyo: nukta ya kahawia, kisha inpaint.

Ndevu, taja zisipoota: mashavu matupu, mvi kidevuni pekee. Miwani, taja fremu, unene na rangi yake, la sivyo unapewa ya waya nyembamba.

Kama una picha halisi ya mzee, hata ya kitambulisho, anzia hapo kwa img2img. Maneno peke yake yatakupa kovu la aina ile, si lile lake.