Ukuta ukilala kidogo, si lipu itaficha?

"Ukuta ukilala kidogo si lipu itaficha? Mbona fundi amebomoa kozi zangu za tofali?"

Mkuu, hata mimi nilimuuliza hivyo mzee aliyenifundisha uashi Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimepanda kozi nane, kama mita 2, kwa macho tu. Hakugomba. Aliegemeza kibao cha timazi juu ya ukuta, akashusha jiwe, akasubiri litulie. Chini likabaki mbali na tofali sentimita 2.

"Juu kumetoka nje," akasema. "Sasa piga hesabu ya lipu."

Juu sentimita 1.5, chini 3.5. Lipu nene hivyo ukiipiga kwa mkupuo mmoja inajivuta na kudondoka, na saruji imekwenda. Halafu uzito wa paa unashukia pembeni ya tofali badala ya katikati.

Nikataka kuusukuma ukuta kwa kiganja. Akanishika mkono: "Mota imeshaanza kukaza, ukisukuma inaachia tofali."

Akaweka pimamaji juu ya kozi, povu likakimbilia upande wa ndani. Mota upande huo ilikuwa nene mara mbili.

Tukabomoa zote nane. Tofali nikazisafisha mimi, mpaka Magharibi.