Kadi ina jina la nani?

Swali la wiki: "Bodaboda ya mkataba au ya hesabu: mwisho wake chombo kinakuwa cha nani?"

Nimeendesha zote mbili hapa Msamvu, Morogoro. Ya hesabu ni kukodi. Nilimpelekea tajiri 7,000 kwa siku, Jumapili ikawa yangu, na injini ikifa ni juu yake. Hata ungeendesha miaka kumi, chombo ni chake.

Ya mkataba nilitanguliza 300,000, kisha 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 65. Jumla 4,200,000, wakati dukani iliuzwa 3,000,000 taslimu. Mwenzangu wa kijiweni alinicheka: "Kaka, umenunua karibu pikipiki na nusu!"

Lakini taslimu hiyo sikuwa nayo, na naamini hata yeye hana. Mimi napiga hesabu kwa kuangalia ningetoa nini kama ningebaki kwa tajiri wa kwanza: wiki hizo 65 angechukua 2,730,000. Tofauti ni 1,470,000. Ongeza 180,000 nilizofungulia injini, kazi ambayo kwenye hesabu ingekuwa ya tajiri. Kwa hiyo umiliki ulinigharimu 1,650,000. Dalali alipoiona pikipiki yangu, tayari imechakaa, alitaja 1,800,000. Faida ni 150,000 tu, na unaipata ukifika wiki ya mwisho.

Hapo ndipo penye hatari. Muda wote huo kadi ilikuwa na jina la tajiri, kwa sababu kwenye mkataba wa namna hii wewe unakodi tu mpaka rejesho la mwisho. Wiki ya 50 malaria ilinilaza siku kumi na mbili. Nilikwishatoa 3,300,000, na tajiri akaja kuchukua funguo. Kilichoniokoa ni mstari mmoja tulioandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa: siku za ugonjwa zinasogezwa mbele. Bila mstari huo ningerudi kijiweni kwa miguu.

Ila tulisahau kuandika nani atalipia kubadilisha umiliki TRA. Nilimaliza marejesho, nikakaa wiki tatu pikipiki yangu ikitembea kwa jina la mtu mwingine, hadi tukakubaliana kugawana.

Mdogo wangu naye juzi aliniletea karatasi za kampuni moja. Juu zimeandikwa "mkataba", marejesho ni nafuu kuliko yangu, na alikuwa ameshika kalamu. Ukurasa wa mwisho ukasema muda ukiisha atarudisha chombo, au atakinunua kwa bei itakayopangwa na kampuni wakati huo. Hiyo ni hesabu iliyovaa koti la mkataba. Nikamwambia awaulize bei hiyo ni shilingi ngapi, waiandike leo. Bado hawajamjibu.

Msomaji, Msamvu